Kipaza Sauti Kikizima Katikati ya Uamuzi: Namna ya Mwenyekiti Kurudia Tangazo

Tuchukue mfano wa mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha akiba na mikopo. Wajumbe 165 wameketi katika ukumbi wa shule, meza kuu iko mbele, na spika mbili zimesimama pembeni. Wamefika ajenda namba 7, mgawanyo wa ziada. Mjadala umekuwa mrefu, kwa sababu wapo waliotaka gawio lao mkononi na wapo waliotaka libaki chamani likuze mtaji. Kura zimepigwa kwa kunyoosha mikono na zimehesabiwa. Mwenyekiti anasimama na kutangaza: "Kura 98 zimeafiki, 61 zimepinga, 6 hazikuelemea upande wowote. Gawio la mwaka huu ni asilimia 6 ya thamani ya hisa. Halitalipwa taslimu, litaongezwa kwenye hisa za kila mwanachama."

Mwenyekiti ameshika maiki isiyo na waya. Betri zake zimechoka, na kwenye sentensi ya mwisho sauti inakatika, inarudi kidogo, kisha inakufa kabisa. Walioketi safu za mbele wamesikia kila neno kutoka mdomoni mwake. Walioketi nyuma wamesikia "asilimia 6 ya thamani ya hisa", kisha kimya, kisha "litalipwa taslimu", kisha kimya tena. Mwenyekiti hana habari. Anageuza karatasi na kusema, "Tuendelee na ajenda namba 8."

Mwanachama mwenye hisa za shilingi 400,000 aliyeketi nyuma anajua sasa kwamba Jumatatu ataenda kwenye ofisi ya chama kuchukua shilingi zake 24,000. Jirani yake anajua hivyo hivyo. Akifika dirishani na kuambiwa hakuna fedha, hatasema maiki ilizima. Atasema viongozi wamegeuza maneno. Kurudia tangazo pale pale ukumbini kunachukua dakika mbili, ilhali kulieleza upya wiki nzima dirishani, huku mtu ameshakasirika, kunaweza kumaliza uongozi mzima. Ndiyo maana nataka kueleza kwa kina namna ya kurudia, kwa faida ya yeyote anayeongoza mkutano wa ushirika, wa kijiji, wa wazazi wa shule au wa jumuiya ya msikiti au kanisa.

Sauti ikikatika, kinachopotea ni nini

Watu wengi hudhani kwamba sauti ikikatika msikilizaji hubaki na pengo, na kwa kuwa anajua kuna pengo, atauliza. Mara nyingi haiwi hivyo. Sikio hujaza pengo lenyewe kwa kile mtu alichokuwa akikitarajia au kukitamani. Aliyetaka fedha taslimu atasikia fedha taslimu, na atakuwa tayari kuapa kwamba ndivyo ilivyotamkwa.

Lugha yetu ina hatari yake hapa. Ukanushi wa Kiswahili mara nyingi hukaa mwanzoni kabisa mwa kitenzi, katika silabi moja tu. Halitalipwa ikipoteza silabi ya kwanza inakuwa litalipwa. Hautatolewa inakuwa utatolewa, hawataondolewa inakuwa wataondolewa. Silabi hiyo pia ni dhaifu kwa kuisikia, kwa kuwa h ni pumzi tu, na mkazo wa neno uko mbali nayo, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo maiki ikimeza sehemu ndogo tu ya sekunde, sentensi haibaki na tundu. Inabaki nzima, fasaha, na imegeuka kinyume.

Tarakimu nazo zina udhaifu wa namna hiyo. Nne na nane hukaribiana, na katika ukumbi wenye mwangwi sita na saba huchanganywa pia. Neno "laki" au "elfu" likidondoka, msikilizaji hubaki na hesabu nyingine kabisa. Kwa hiyo sauti inapokatika karibu na ukanushi, kiasi cha fedha, tarehe au jina la mtu, usijiulize kama watu wameelewa. Chukulia kwamba wapo walioelewa kinyume, na urudie.

Tatizo la kwanza ni kujua kwamba imekatika. Mwenyekiti ndiye wa mwisho kujua, kwa sababu anajisikia mwenyewe kupitia mifupa ya kichwa chake, na spika kwa kawaida zimeelekezwa mbali naye. Zipo dalili ambazo jicho linaweza kuzikamata. Safu za mbele hugeuka kutazama spika. Safu za nyuma huinamiana, mmoja akimuuliza mwenzake. Mikono huenda sikioni. Mngurumo mdogo uliokuwa ukirudi kutoka ukuta wa nyuma kila unapoongea hupotea ghafla. Hata hivyo, mwenyekiti aliyeinamia karatasi hataona hata moja kati ya hizo. Kwa hiyo kabla ya mkutano mpe mtu mmoja, tuseme katibu msaidizi, kazi ya kuketi safu ya mwisho, na mkubaliane ishara. Akisimama na kuinua kiganja wazi, maana yake ni moja tu: nyuma hatusikii. Na wewe jizoeze kuinua macho kumtazama kila umalizapo sentensi ya uamuzi.

Nyamaza kwanza

Ukiona ishara, acha kusema, hata kama uko katikati ya neno. Kila neno utakaloongeza litasikiwa na nusu ya ukumbi na kuizidisha tofauti kati ya waliosikia na wasiosikia.

Baada ya kunyamaza, usipige maiki kwa kidole, usiipulizie, wala usianze "haloo, haloo". Kuipulizia huingiza unyevu kwenye kifaa kinachopokea sauti, na kama fundi amepandisha sauti akitafuta tatizo, pumzi yako itarudi kama mlipuko masikioni mwa watu. Usiifumbate maiki kichwani pia. Ukifunika matundu ya nyuma ya kichwa chake, inaanza kupokea sauti kutoka kila upande, pamoja na ile ya spika, na hapo ndipo mlio mkali unapozuka.

Usipaze sauti kujaribu kufidia. Mtu anapopiga kelele, irabu hukua sana, konsonanti hukua kidogo tu, na maana ya maneno iko zaidi kwenye konsonanti. Ukumbi wenye kuta tupu na bati juu utazirudisha zile irabu kwa mwangwi na kuzimwaga juu ya maneno yanayofuata. Watu wa nyuma watasikia kwamba mwenyekiti anafoka, lakini hawatajua anafoka nini.

Jambo la tatu la kuliepuka ni kumtafuta mkosaji. Kumwita fundi mitambo mbele ya watu, kuuliza nani alinunua betri hizi, au kutania kuhusu vifaa vya chama, kote huko kunafungua mazungumzo mapya. Mjumbe mmoja atakumbusha kwamba bajeti ya vifaa ilipitishwa mwaka jana, mwingine atauliza ilikwenda wapi, na uamuzi wa gawio utakuwa umezikwa. Mpe fundi ishara ya mkono, weka maiki mezani, simama kimya. Sekunde thelathini za kimya huonekana ndefu kwa anayesimama, lakini ukumbi huzipokea vizuri, kwa sababu watu wanaona kazi inafanyika.

Jiwekee mpaka wa kusubiri. Nusu dakika inatosha kubadilisha maiki kama ya akiba iko mezani. Ikifika dakika moja na hakuna sauti, usiendelee kusubiri. Nenda kwenye njia ya pili, nitakayoieleza chini. Usiwaache watu wakae dakika tano bila neno, kwa sababu ndani ya dakika tano kila safu itakuwa imeshatunga tangazo lake.

Rudia uamuzi wote, kwa maneno yale yale

Sauti ikirudi, wenyeviti wengi husema, "Nilikuwa nasema kwamba litaongezwa kwenye hisa," na kuendelea kutoka pale wanapodhani sauti ilikatikia. Hilo ndilo kosa kubwa. Wewe hujui ilikatikia wapi. Hata wajumbe hawajui, kwa sababu aliye karibu na spika ya kulia amepoteza maneno tofauti na aliye mlango wa nyuma. Na yule aliyesikia "litalipwa taslimu" hajui kabisa kwamba amepoteza kitu. Ukianzia katikati, kosa lake linabaki mahali pake, limekaa salama.

Anza upya kutoka mwanzo wa uamuzi, na uufikishe mwisho. Tangulia na sentensi mbili fupi tu, ili kila mtu ajue unachofanya: "Ndugu wajumbe, sauti ilikatika. Narudia tangazo la uamuzi wa ajenda namba 7." Kisha soma. Hakuna haja ya kuomba radhi mara tatu, wala kusema "kama nilivyokwisha kusema", kwa sababu kwa nusu ya ukumbi hukusema. Usiseme pia "kwa wale ambao hawakusikia", maana maneno hayo huwaambia walioamini kwamba wamesikia kuwa tangazo hili haliwahusu, na hao ndio hasa unaowahitaji.

Maneno yawe yale yale. Mwenyekiti mwenye nia njema hupenda kufafanua anaporudia. Mara ya kwanza alisema "litaongezwa kwenye hisa", mara ya pili anasema "tutalibakiza kwanza chamani". Walioketi mbele wamesikia yote mawili, na kwao hayo ni matangazo mawili. "Kwanza" maana yake litatolewa baadaye? "Chamani" ni kwenye hisa zangu au kwenye mfuko wa akiba wa chama? Hapo shaka inaanza kwa watu ambao hawakuwa na shaka. Ufafanuzi ukihitajika, utoe baada ya kumaliza kusoma, na useme wazi kwamba sasa unafafanua.

Vivyo hivyo kama wakati wa kusoma mara ya pili unagundua kwamba mara ya kwanza ulitaja tarakimu isiyo sahihi. Usiirekebishe kimyakimya. Maliza kusoma lililo sahihi, kisha sema: "Mara ya kwanza nilitaja kura 89. Sahihi ni kura 98, kama zilivyoandikwa na wahesabu kura." Rekebisho lililotangazwa halimtishi mtu. Lililofichwa ndani ya marudio, likigunduliwa na mjumbe mmoja tu, linaharibu marudio yote.

Mwendo nao uwe ule ule, ila usimame kidogo kabla ya tarakimu na kabla ya ukanushi. Usivute maneno kama unayemsomea mtoto imla, kwa sababu wajumbe watahisi wanadharauliwa. Soma kama mara ya kwanza. Waliosikia watavumilia dakika moja, na wasiosikia watapata tangazo lao kamili, si makombo yake.

Unarudia tangazo, hurudii kura

Kabla ya kufungua kinywa, amua akilini sauti ilikatika katika hatua gani, kwa sababu tiba hutofautiana.

Katika mfano wetu hoja ilisomwa ikasikika, mjadala ukafanyika, mikono ikanyooshwa, kura zikahesabiwa. Kilichopotea ni tangazo la matokeo peke yake. Uamuzi umeshafanywa na mkutano mkuu, ambao kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 ya Tanzania ndio wenye mamlaka ya juu katika chama. Mwenyekiti anaporudia hafanyi uamuzi mpya, anautamka tu ule uliokwisha kufanywa. Ni muhimu aliweke hilo wazi, kwa sababu kati ya wale 61 waliopinga hatakosekana atakayesimama na kusema, "Mwenyekiti, kwa kuwa hatukusikia vizuri, naomba jambo hili tulijadili upya." Jibu ni fupi na la heshima: "Ndugu mjumbe, kura imeshapigwa na kuhesabiwa. Ninachorudia ni matokeo yake." Kisha endelea kusoma. Usianze kueleza faida za kukuza mtaji, maana ukieleza umefungua mjadala wewe mwenyewe.

Hali ni nyingine kabisa ikiwa maiki ilizima wakati hoja inasomwa, na watu wakanyoosha mikono baada ya hapo. Hapo wapo waliopiga kura juu ya jambo wasilolisikia. Kurudia matokeo hakutibu kitu. Mwenyekiti mwadilifu atasema: "Sauti ilikatika wakati hoja inasomwa. Nitaisoma tena yote, kisha tutapiga kura upya. Kura ya kwanza haitahesabiwa." Afanye hivyo hata kama kura ya kwanza ilimpendeza. Na afanye hivyo mara moja, kabla ya kutamka matokeo ya kura ile ya kwanza, kwa sababu matokeo yakishajulikana, kura ya pili itaonekana kama hila ya walioshindwa au ya walioshinda.

Kuna hali ya kati. Sauti ilikatika kwenye tangazo, lakini mjumbe mmoja anasema hata hoja hakuisikia. Usimkatalie wala usimkubalie papo hapo. Muulize mtu wako wa safu ya nyuma, "Hoja iliposomwa, ilisikika huko?" Yeye ndiye shahidi uliyemweka kwa kazi hiyo. Akisema ilisikika, kura inasimama. Akisema haikusikika, rudieni kura. Dakika kumi za kuhesabu upya ni nafuu kuliko malalamiko yatakayofika kwa afisa ushirika wiki ijayo.

Hakikisha imesikika, bila kufanya mtihani

Baada ya kusoma, wengi huuliza, "Mmesikia?" Ukumbi mzima huitika "Ndiyooo", pamoja na waliosikia kinyume. Jibu hilo halikuambii kitu, maana kila mtu anakubali kile alichonacho kichwani.

Njia nzuri ni kumtaka katibu asome alichoandika. "Ndugu katibu, tusomee uamuzi wa ajenda namba 7 kama ulivyouandika kwenye muhtasari." Katibu anasoma kwa maiki ile ile. Hapo mambo matatu yamefanyika kwa pamoja: ukumbi umesikia uamuzi kwa sauti ya pili, kumbukumbu imelinganishwa na tangazo wakati wote wapo, na hakuna mjumbe aliyesimamishwa mbele ya wenzake kuulizwa alichosikia. Usimwinue mzee au mama wa safu ya nyuma kwa kumtaka ataje asilimia. Akikosea ataona haya, na wenzake watakasirika kwa niaba yake.

Kisha mtazame mtu wako wa nyuma. Akiteremsha mkono na kuketi, umemaliza. Toa nafasi moja fupi: "Kama kuna ambaye bado hakusikia maneno ya uamuzi, anyooshe mkono." Sisitiza maneno ya uamuzi, si maoni juu yake. Mikono isiponyooshwa, ingia ajenda namba 8 bila neno jingine juu ya maiki.

Maiki isiporudi

Umeme ukikatika kabisa na jenereta haipo, bado unalo la kufanya. Sauti ya mdomo mahali pa wazi hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Aliye mita 16 anapata desibeli 18 pungufu ya yule aliye mita 2. Ndani ya ukumbi kuta husaidia kidogo, lakini kwa kuchanganya maneno. Dawa, basi, ni miguu. Toka meza kuu, nenda katikati ya ukumbi. Umbali wa safu ya mwisho umepungua nusu bila wewe kukaza koo. Geukia nyuma, soma uamuzi wote. Geukia mbele, usome wote tena kwa maneno yale yale. Usisome nusu huku na nusu kule. Feni na jenereta ya jirani vikiwa vinanguruma, omba vizimwe kwa dakika hizo mbili na madirisha ya upande wa barabara yafungwe.

Ukumbi ukiwa mrefu sana, au mkutano ukiwa uwanjani, weka mpokezi. Waumini wa Kiislamu wanaijua njia hii: katika swala yenye safu nyingi, mtu mmoja katikati hupaza takbira ya imamu ili walio nyuma waifuate, na haongezi wala hapunguzi. Mpokezi wa mkutano afanye hivyo hivyo. Mpe nakala ya karatasi yako. Wewe soma sentensi moja, nyamaza, yeye aisome sentensi ile ile kuelekea nyuma, kisha wewe uendelee. Asipewe kazi ya kukumbuka, apewe karatasi ya kusoma, kwa sababu kumbukumbu ya mtu aliyesimama mbele ya umati hubadilisha maneno bila yeye kujua.

Kwa vyama vinavyokutana uwanjani, kipaza sauti cha betri cha kubeba mkononi kinastahili kununuliwa. Sauti yake ni kali na haifai kwa hotuba ya saa nzima, lakini kwa sentensi nne za uamuzi kinatosha.

Utulivu unatoka kwenye kadi

Tunapomwona mwenyekiti akirudia tangazo bila kutetereka, tunasema ni mtu mpole. Huenda ni mpole kweli, lakini nimekaa na wenyeviti wengi kwenye meza kuu nikiandika mihtasari, na naamini kwamba kinachomtuliza mtu saa ile ni karatasi iliyo mkononi mwake. Aliyetangaza kutoka kichwani hawezi kurudia maneno yale yale hata angekuwa na moyo wa chuma, kwa sababu hayapo mahali popote. Anayatafuta, anababaika, na ukumbi unasoma kubabaika huko kama dalili ya jambo la kuficha.

Kwa hiyo kila uamuzi mzito uandikwe kwenye kadi kabla ya kutangazwa. Kadi moja, uamuzi mmoja, herufi kubwa. Sehemu za kura ziachwe wazi zijazwe baada ya kuhesabu. Kwa kuwa hoja inajulikana mapema, katibu anaweza kuandaa kadi mbili usiku wa kuamkia mkutano, moja ya hoja kupita na nyingine ya hoja kukataliwa, na mwenyekiti akachukua inayohusika.

Iandikwe kwa namna ambayo hata ikipoteza neno moja, maana isigeuke. Linganisha tangazo la mwanzo na hili: "Ajenda namba 7, gawio. Hoja imepita. Kura za ndiyo 98, za hapana 61, zisizoelemea upande 6. Gawio ni asilimia sita, yaani shilingi sita kwa kila shilingi mia ya hisa. Gawio halitalipwa taslimu. Hakuna mwanachama atakayepokea fedha mkononi. Kila gawio litaongezwa kwenye hisa za mwanachama mwenyewe." Asilimia imetajwa kwa njia mbili zisizofanana, kwa hiyo aliyesikia "saba" mahali pa kwanza atasahihishwa na mahali pa pili. Ukanushi nao umekaa mahali pawili, mara moja ndani ya kitenzi na mara moja katika neno zima, hakuna, ambalo haliwezi kumezwa kwa urahisi. Sentensi zimekuwa fupi, kila moja ikibeba jambo moja. Kadi hii ukiisoma kwa utulivu huchukua chini ya dakika moja.

Upande wa vifaa, matayarisho ni machache. Betri za maiki isiyo na waya ziwe mpya asubuhi ya mkutano, hata kama za jana zinaonekana nzima, kwa sababu betri zilizochoka huanza kukatakata sauti kabla ya kufa. Maiki ya waya iwe mezani, imeshachomekwa na kujaribiwa, si ndani ya begi la fundi. Ishike maiki kwenye mpini, mbali na mdomo kwa vidole vinne hivi, na isogee pamoja na kichwa chako unapoinamia karatasi, maana sauti nyingi "zilizokatika" zimepotea kwa sababu mdomo uliondoka. Jaribio la sauti lifanywe kwa kusoma kadi yenyewe, siyo kwa kuhesabu moja mbili tatu, na msikilizaji awe safu ya mwisho. Akisikia vizuri ukumbi ukiwa mtupu, fundi aache nafasi ya kupandisha sauti, kwa sababu miili na nguo za watu 165 hunyonya sauti, na minong'ono yao huifunika.

Kwenye muhtasari na ubaoni

Tukio liingie kwenye kumbukumbu kwa ukubwa wake halisi, yaani sentensi moja: "Kutokana na kukatika kwa sauti, mwenyekiti alirudia kutangaza uamuzi huu, na katibu akausoma mbele ya wajumbe." Kisha maneno ya kadi yaandikwe yote. Kusiwe na habari za betri wala za nani alilalamika. Sentensi hiyo moja inamlinda mwenyekiti siku mtu atakapodai kwamba yalitangazwa mambo mawili tofauti. Kadi yenyewe itiwe saini na mwenyekiti na katibu, ihifadhiwe pamoja na muhtasari.

Mwisho, kumbuka waliotoka ukumbini na tangazo la kwanza. Kati ya sauti kukatika na sauti kurudi, wapo walioshatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la chama, wapo waliopokea simu nje, na wapo waliowahi daladala. Hao hawatayafikia marudio yako hata ungesoma mara ngapi. Kabla watu hawajatawanyika, katibu apige picha kadi iliyotiwa saini na aitume kwenye kundi, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi jioni ile ile. Isiandikwe kama kanusho, wala isitaje ujumbe wa mtu yeyote uliokosewa. Iandikwe kama uamuzi, kwa maneno yale yale yaliyosomwa ukumbini mara mbili. Na karani wa dirishani apewe nakala yake kabla ya Jumatatu, ili atakayekuja kudai shilingi 24,000 asomewe uamuzi wa mkutano wake mwenyewe, kisha aonyeshwe hisa zake zilivyopanda kutoka 400,000 hadi 424,000.